Rejista ya darasa kwenye Excel: rangi isikudanganye

Daftari la mahudhurio la karatasi bado nalijaza kila asubuhi, na mkaguzi akija ndilo analoliomba. Ila hesabu za mwisho wa mwezi nimezihamishia kwenye Excel. Majina yako safu A, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 48. Siku za mwezi zimekaa B hadi AF. Aliyekuja naandika 1, asiyekuja 0, na siku isiyo ya shule naiacha tupu. Asilimia ya siku alizokosa inatoka AG:

```
=IF(COUNT(B4:AF4)=0,"",COUNTIF(B4:AF4,0)/COUNT(B4:AF4))
```

Fomula hii inagawanya kwa siku zilizojazwa tu. Mtoto aliyekosa siku 4 kati ya 20 za masomo amekosa 20%. Ukigawanya kwa siku 31 za kalenda, atashuka hadi karibu 13% na utamwona ana nafuu.

Kwenye rangi ndiko walimu wengi hunaswa. Ukiipa safu AG Color Scales ya Red - Yellow - Green ilivyo, Excel inawalinganisha watoto wenyewe kwa wenyewe: aliyekosa kuliko wenzake wote anapakwa nyekundu hata kama ni 5%. Mwezi mzuri na mwezi mbaya vitafanana machoni. Kwa hiyo fungua Manage Rules, kisha Edit Rule, ubadilishe aina zote tatu ziwe Number: 0 kijani, 0.1 njano, 0.2 nyekundu. Hapo nyekundu ya Machi ina maana ileile ya Februari.

Orodha ya walio hatarini, yaani waliokosa 10% au zaidi, inajitengeneza yenyewe, kwa Excel 2021 na kuendelea:

```
=IFERROR(FILTER(A4:A48,ISNUMBER(AG4:AG48)*(AG4:AG48>=0.1)),"Hakuna")
```

Usiiondoe ISNUMBER. Mwanafunzi ambaye hajajaziwa siku hata moja ana "" kwenye AG, na Excel huhesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo angeingia kwenye orodha bila kosa. Mgeni aliyehamia wiki ya mwisho naye mwangalie kwa jicho lako: akikosa siku 1 kati ya 5, tayari ana 20%.

Baada ya orodha, rudi kwenye siku zenyewe na uzipake nyekundu seli zenye 0 (kanuni iwe "=0" pamoja na sharti kwamba seli si tupu, maana tupu nayo Excel huiona sifuri):

```
=AND(B4<>"",B4=0)
```

Sasa soma kwa wima. Darasani kwangu Alhamisi zilijipanga nyekundu, watoto walewale, na Alhamisi ndiyo siku ya gulio. Alhamisi 4 kati ya siku 20 ni 20%, kwa hiyo wote walikuwa kwenye orodha kama watoro wa kawaida. Wazazi wao niliwaita kikao kimoja, na tulichozungumza ni nani mwingine anaweza kubaki na mzigo sokoni.