Swali la jedwali la heshi: funguo tano, njia tatu

Swali lenyewe kwa kawaida huja hivi: unapewa jedwali lenye vyumba 11, funguo chache na fomula ya heshi inayogeuza kila ufunguo kuwa namba ya chumba, kisha unaambiwa ulinganishe njia za kutatua mgongano, yaani funguo mbili kutaka chumba kimoja, bila kutumia orodha za pembeni. Kila ufunguo lazima ukae ndani ya jedwali lenyewe. Wengi hujibu kwa kupanga sifa, hii ina kasi, ile ina mikururo, na hupata alama chache. Mimi nawashauri wanaoanza somo hili waanzie kwenye swali moja: nikitafuta ufunguo ambao haumo, nitachungulia vyumba vingapi kabla ya kuwa na haki ya kusema haumo? Tofauti zote kubwa za njia hizi zinaonekana hapo.

Tuchukue funguo 22, 33, 12, 44 na 23, tuziingize kwa mpangilio huo. Fomula ya kwanza ni baki la kugawanya kwa 11. Njia mbili za kwanza, ya mstari na ya heshi maradufu, huchungulia hivi, `k` ikiwa ufunguo na `i` ikianzia 0 na kuongezeka kwa 1 kila chumba kikikutwa kimejaa:

```
mstari:   (h1(k) + i) mod 11
maradufu: (h1(k) + i*h2(k)) mod 11
h1(k) = k mod 11
h2(k) = 1 + (k mod 10)
```

Kwa mstari, 22 inakaa chumba 0. 33 nayo inataka 0, inakuta kimejaa, inasogea 1. 12 ilikuwa na haki ya chumba 1, lakini 33 imeshakikalia, kwa hiyo inakwenda 2. 44 inapita 0, 1 na 2 ndipo ikae 3. 23 inaanzia 1 na kuishia 4. Jumla tumechungulia mara 13, na vyumba 0 hadi 4 vimekuwa mkururo mmoja usio na pengo.

Angalia kilichompata 12. Ufunguo huo haukugongana na 22 wala 33 kwenye fomula, maana wenyewe ulitaka 1 na wale walitaka 0, ila umebebeshwa mgongano wao. Hii ndiyo sentensi ambayo msahihishaji anaitafuta: katika njia ya mstari, funguo zenye mwanzo tofauti huishia kwenye njia moja, na mkururo unavyorefuka ndivyo uwezekano wa ufunguo mpya kuuangukia na kuurefusha tena unavyoongezeka. Sasa tafuta 55, ambao haumo. Unaanzia 0, unapita vyumba vitano vilivyojaa, na cha 5 ndicho kitupu. Umechungulia mara sita kwenye jedwali ambalo hata nusu halijafika.

Kwa heshi maradufu, 22 inakaa 0. 33 inakuta 0 kimejaa, lakini hatua yake, yaani `h2`, ni 4, kwa hiyo inaruka hadi chumba 4. 12 inakuta 1 kiko wazi na kukaa. 44 ina hatua ya 5, inakaa 5. 23 inaanzia 1, hatua yake ni 4, inakuta 5 kimejaa, inakaa 9. Jumla ni mara 9. Ukitafuta 55, hatua yake ni 6: chumba 0 kimejaa, chumba 6 ni kitupu, umemaliza kwa mara mbili. Funguo 22, 33, 44 na 55 zote zinaanzia 0, lakini kila moja ina hatua yake, ndiyo maana hazifuatani.

Hapa kuna mtego unaopendwa sana. Hatua haiwezi kuwa 0, la sivyo utachungulia chumba kilekile milele. Ndiyo kazi ya ile `1 +` kwenye fomula. Pia hatua na ukubwa wa jedwali visiwe na kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1. Jedwali la vyumba 12 lenye hatua ya 4 kutoka 0 litaona 0, 4 na 8 tu, kisha litarudi mwanzo, hata kama vyumba tisa vingine ni vitupu. Kwa 11, ambayo ni namba tasa, hatua yoyote kati ya 1 na 10 inapita vyumba vyote.

Ukiulizwa gharama kwa jumla, tumia kiwango cha kujaa, α, yaani idadi ya funguo gawanya kwa idadi ya vyumba. Utafutaji usiofanikiwa, tukichukulia kuwa heshi inatawanya vizuri, unakadiriwa hivi:

```
mstari:   (1 + 1/(1-α)^2) / 2
maradufu: 1/(1-α)
```

Jedwali likijaa nusu, unapata 2.5 dhidi ya 2, tofauti ndogo. Likijaa asilimia 90, unapata 50.5 dhidi ya 10. Andika namba hizi mbili kwenye jibu lako, kwa sababu zinaonyesha ni lini mstari unaadhibu. Ongeza na upande wake mzuri: vyumba vyake viko jirani kwenye kumbukumbu. Prosesa ikivuta baiti 64 kwenye kache kwa mara moja, funguo za baiti 8 zinakuja hadi nane pamoja, wakati heshi maradufu inarukaruka. Jedwali lisilojaa sana linaweza kwenda kasi zaidi kwa mstari, licha ya kuchungulia mara nyingi.

Heshi ya kekeo, iliyotolewa na Rasmus Pagh na Flemming Rodler mwaka 2001, inafuata njia nyingine. Kuna majedwali mawili, `T1` na `T2`, na kila ufunguo una makao mawili tu yanayowezekana. Anayeingia anamfukuza aliyepo, na aliyefukuzwa anakwenda kwenye makao yake ya pili. Tuchukue majedwali ya vyumba 11 kila moja, `h1` ileile, na `h2` iwe sehemu nzima ya k/11, kisha baki la 11.

22 inakaa `T1[0]`. 33 inaifukuza, 22 inahamia `T2[2]`. 12 inakaa `T1[1]`. 44 inaifukuza 33, nayo inahamia `T2[3]`. 23 inaifukuza 12 hadi `T2[1]`. Kutafuta 55 ni kuangalia `T1[0]` na `T2[5]`, basi. Hata majedwali yakiwa makubwa kiasi gani, mara mbili zinatosha, hata katika hali mbaya kabisa. Ila ulinganifu uwe wa haki: tumetumia vyumba 22 kwa funguo tano, na njia hii ya majedwali mawili inahitaji kiwango cha kujaa kibaki chini ya nusu.

Gharama iko kwenye kuingiza. Ongeza 143: `h1` ni 0 na `h2` ni 2, sawasawa na 22. Inaifukuza 44 hadi `T2[4]`, hakuna shida. Ongeza 264, nayo ina makao hayohayo. Sasa funguo tatu zinagombea vyumba viwili, na kufukuzana hakutaisha. Ndiyo maana programu huweka kikomo cha kufukuzana. Kikifika, huchagua fomula mpya na kuingiza funguo zote upya.

Sehemu inayosahaulika ni kufuta. Futa 33 kwenye jedwali la mstari kwa kuacha chumba 1 kitupu, kisha tafuta 44: utaanzia 0, utakuta 1 ni kitupu, utasema haumo, ilhali uko chumba 3. Unahitaji alama ya kufutwa, inayopitwa wakati wa kutafuta na kutumiwa tena wakati wa kuingiza, au kusogeza nyuma funguo zinazofuata. Heshi maradufu inahitaji alama hiyo pia, na kusogeza nyuma hakuwezekani kirahisi kwa kuwa kila ufunguo una hatua yake. Kekeo haihitaji chochote: unafuta na kuondoka, kwa sababu utafutaji wake hausimami kwa kukuta chumba kitupu njiani.