Meseji ya kuomba kazi kwa mwenye biashara ndogo: muuzie kitu kimoja tu

Madizaina wenzangu wengi nawaona wanatuma meseji ile ile kwa kila mtu, "habari, natengeneza logo, posta, bana, flaya, kadi, karibu tufanye kazi", halafu wanalalamika tiki za bluu na kimya. Mwenye biashara akisoma hiyo haoni shida yake humo, anaona tu mtu anatafuta hela. Mimi siku hizi naandika pale tu nimeona kitu kwenye bidhaa yake kinachomkwamisha, na namtajia bei ya kurekebisha hicho hicho.

Chukua hii ya pilipili. Nilikuwa kwenye foleni supamaketi moja hapa Dar, aliye mbele yangu kanunua pilipili ya chupa, zile zinazotengenezwa na wajasiriamali wadogo, keshia anapitisha, mashine haisomi, anapitisha tena wapi, mwisho akagonga namba zote 13 kwa mkono huku foleni inanuna. Nikaichungulia lebo: bakodi ina mistari myekundu kwenye nyeupe, nadhani aliyeidizaini alitaka iendane na pilipili. Sasa skana nyingi za kaunta zinamulika mwanga mwekundu, na kwenye mwanga huo mstari mwekundu unarudisha mwanga karibu sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo mashine inaona kama hapana kitu. Halafu kamera ya simu inaweza kuisoma bila shida, ndo maana mwenye mali akijaribu nyumbani anaona iko poa. Na kingine, chupa ni nyembamba na mistari imesimama wima, ya pembeni inazunguka kwenda nyuma. Kwenye chupa kama hiyo bakodi inageuzwa, mistari ilale kama vipago vya ngazi.

Namba ya simu ilikuwa kwenye lebo, nikaandika wasapu:

"Shikamoo mama. Leo nimeona pilipili yako supamaketi, mashine ilishindwa kusoma bakodi, keshia akaandika namba kwa mkono. Shida ni rangi, mistari myekundu haisomeki kwenye skana za kaunta. Mimi ni dizaina, naweza kukurekebishia lebo ya hiyo chupa: bakodi iwe nyeusi na igeuzwe ikae vizuri, mengine yote yabaki yalivyo. Elfu 40, siku 3, unapata faili la kumpelekea mchapaji wako. Nusu unatanguliza, nusu unamalizia ikishasoma kwenye mashine ya dukani. Nikutumie picha uone itakavyokaa?"

Angalia, hakuna linki wala rundo la kazi zangu za nyuma, nani anabofya linki ya namba asiyoijua? Sijasema lebo ni mbaya pia, maana huwezi jua, labda kaitengeneza mwanae. Na lile neno "mengine yote yabaki yalivyo" ni muhimu kuliko bei, kwa sababu mtu wa hivi akisikia dizaina anawaza ataambiwa abadilishe kila kitu, wateja wampotee rafuni. Swali la mwisho nalo analijibu kwa "tuma" tu, basi.

Usiahidi kwamba mauzo yatapanda, hilo huna uwezo nalo. Na namba za bakodi sio zako kuuza, Tanzania zinatoka GS1, shirika linalosajili bakodi, na zinaanza na 620, wewe unachora ile ile aliyosajili.

Akijibu, mara nyingi swali la kwanza ni "sasa hizi stika nilizochapa nyingi nizitupe?" Hapo uwe na jibu tayari: unamtengenezea kistika kidogo cha bakodi peke yake, nyeusi kwenye nyeupe, anabandika juu ya ile nyekundu mpaka stoku iishe. Saizi ya kawaida ni kama milimita 37 kwa 26 ukihesabu na nyeupe ya pembeni, unaweza kushuka mpaka asilimia 80, chini ya hapo unatafuta matatizo, na ile nyeupe ya pembeni usiikate hata kama maandishi yanabanana. Printi kwa saizi halisi, bandika kwenye chupa yenyewe sio kwenye karatasi bapa, nenda nayo dukani ukaombe keshia aipige skana kabla mama hajalipia kuchapa.

Akisema punguza, usishuke bei kwa kazi ile ile, punguza kazi: kistika peke yake elfu 20, lebo nzima ataifanya akiishiwa stoku. Na akianza kuuliza "na posta unafanya?" mwambie ndio, ila bei yake utampa lebo ikishasoma, usichanganye, maana ukianza kutaja vitu vitano hapo anarudi kwenye "ngoja nijipange" na hata ile elfu 40 huioni.