Mia tatu ya pilau si mia tatu ya biriani

Juzi kijana mmoja niliyemfundisha kukaanga vitunguu mwenyewe, akiwa bado analia machozi kwenye ubao, kanipigia saa 4 usiku. "Bi mkubwa, wameongeza watu, lakini kidogo tu." Kidogo wangapi? "Arubaini." Shughuli lini? "Kesho kutwa." Umewatajia bei ya hao arubaini? Kimya. Halafu kwa sauti ya mtoto aliyevunja gilasi: "Nimeona aibu, maana arbuni wameshalipa."

Huyu ni wa tatu tangu Mfungo Mosi uingie. Wa tatu! Kama arbuni ni kufuli wanayotiwa mdomoni. Basi kaeni kitako, nyote mlioanza kuchukua oda zenu wenyewe, nikwambieni mambo ambayo nilidhani mmeyaona nikiyafanya kumbe mlikuwa mnaangalia mwiko tu.

1. Arbuni inalipia nini

Inashika siku, na inalipia chakula kilichotajwa kwa idadi iliyotajwa. Kimoja kikibadilika, hesabu inaanza upya, na arbuni inabaki kuwa pesa iliyokwishapokewa ndani ya hesabu mpya. Haigandishi bei. Mteja anayekwambia "lakini tumeshakulipa" hakudanganyi, kakulipa kwa ajili ya kitu kingine.

2. Harusi ya Kiembesamaki

Hii sijawahi kuwasimulia yote. Mmesikia vipande tu, na vipande vyenyewe nilivipamba.

Walinijia wiki 3 kabla. Chakula cha mchana Jumapili, pilau ya ng'ombe, watu 300. Bei yangu ya wakati ule ilikuwa shilingi 6,000 kwa kichwa, na kachumbari, ndizi na maji ndani yake. Jumla 1,800,000, arbuni nusu, 900,000, nikahesabiwa mkononi na baba wa bi harusi. Mtu mzima, mpole, kofia ya kiua. Nikaandika kwenye daftari: pilau, 300, Jumapili. Mpaka hapo nilikuwa mpishi mwenye akili.

Wiki moja baadae shangazi wa bi harusi akanitumia ujumbe wa sauti. Wamekaa kikao, pilau wameona kila mtu anapika, wanataka biriani ya mbuzi, na watu wamewapunguza wawe 220 ili "isiwe mzigo". Mie nikajibu kwa furaha, "Hamna tabu, shangazi." Biriani ya mbuzi nilikuwa nauza 9,000. Nikajisemea kichwani: watu wamepungua, bei imepanda, zitakutana katikati. Sikupiga hesabu wala sikutaja ile 9,000. Niliona tutazungumza karibu karibu.

Hebu tupige sasa hiyo hesabu ambayo sikuipiga. Watu 80 walioondoka waliondoka na 6,000 zao, yaani 480,000. Waliobaki 220 kila mmoja kaongezeka 3,000, yaani 660,000. Kwa hiyo siku ile ile oda ilikuwa imepanda kwa 180,000, ikafika 1,980,000. Shangazi alikuwa na hakika kwamba wale themanini ndio waliolipia biriani. Na kwa nini asiamini hivyo, wakati mpishi mwenyewe kacheka na kusema hamna tabu?

Jumamosi asubuhi nikachinjisha mbuzi watatu. Hesabu yangu mnaijua: kilo moja ya mchele na kilo moja ya nyama kwa watu wanane, basi kwa 220 ni kilo 28 kila kimoja. Saa 6 mchana nyama ilikuwa imeshalala kwenye mtindi, tangawizi, thomu na papai bichi, na vitunguu vinakaangwa. Saa 3 usiku akapiga kaka wa bi harusi. Boti la mchana limeshusha jamaa kutoka Pemba, na wamekuja na majirani. "Hesabu irudi ile ile ya mwanzo, mia tatu."

Ile ile ya mwanzo. Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Mie nikasema inshallah.

Mbuzi wa nne tulimpata Fuoni baada ya kumwamsha mfugaji wake, akachinjwa saa 6 usiku. Nyama yake iliingia kwenye viungo saa 8, na motoni ilikuwa iende saa 12 asubuhi. Wenzake wamelala tangu mchana, yeye saa nne tu. Nikaona nitamfidia kwa papai, nikatia mara mbili. Msifanye hivi. Papai hulainisha pale linapogusa, kwa hiyo ukizidisha kwa muda mfupi nyama inamumunyuka juu na ndani inabaki inavuta kama kamba ya ngalawa. Ilitakiwa nipunguze ukubwa wa vipande na niichemshe peke yake kidogo kabla ya kuichanganya na masala. Vitunguu vya nyongeza navyo tulivikaanga kwa pupa, vikaungua kingo. Kitunguu kilichoungua huwezi kukificha kwenye biriani, uchungu wake unatembea sufuria nzima. Unaujua kabla ya kuonja, harufu inaacha utamu na kuwa kama ya kahawa. Nikavimwaga, tukaanza tena, nami nalia, na safari ile si kwa sababu ya vitunguu.

Chakula kilitoka. Masinia ya mwisho mwisho yalikuwa na nyama ya mbuzi wa nne, na nina shukrani kwamba waliokula hayo walikuwa vijana wenye meno.

Jioni nikaenda kwa baba wa bi harusi kuchukua salio. Kwangu mie ilikuwa 300 kwa 9,000, yaani 2,700,000, nitoe arbuni, zibaki 1,800,000. Yeye alikuwa ameshaziweka kwenye bahasha, 900,000, zimepangwa vizuri.

"Bi, tuliagana mia tatu kwa milioni moja na laki nane. Wamekuja watu mia tatu. Kilichobadilika nini?"

"Biriani, mzee wangu."

"Biriani nimeiona na nimeila. Bei yake nani aliyeisema?"

Hakuna aliyeisema. Nilifungua daftari mbele yake, na daftari lilikuwa na mstari mmoja tu: pilau, 300, Jumapili. Ushahidi wangu ulikuwa upande wake. Hakupiga kelele wala hakunidharau, na ndiyo maana iliniuma zaidi, mtu mkorofi ungepata wa kumlaumu. Akaongeza 100,000 mfukoni mwake, "kwa ajili ya usingizi wako." Biriani ile ilinigharimu kama 7,000 kwa kichwa, 2,100,000 kwa jumla, na mkononi nilipokea 1,900,000. Laki mbili nililipa mie kuwapikia harusi ya watu, na wasaidizi niliwalipa baada ya siku kumi.

Sasa angalieni tundu lilikuwa wapi. Idadi ilishuka ikapanda ikarudi pale pale, na mteja anaikumbuka idadi, hakumbuki njia iliyopita. Wale 80 waliondoka wakiwa watu wa 6,000 wakarudi wakiwa watu wa 9,000, yaani 720,000. Ukijumlisha na ile 180,000 ya mwanzo unapata 900,000, ndiyo hasa tulizogombania. Laiti ningezitaja kwa vipande viwili siku zilipozaliwa, ya kwanza wangelipa bila neno, na ya pili pengine wangesema jamaa wa Pemba tuwapikie pilau yao nyumbani.

Jengine: arbuni yangu ilikuwa nusu ya oda ya kwanza, lakini kwenye oda ya mwisho ilikuwa theluthi. Nimebeba mbuzi wanne na thuluthi tu ya pesa. Oda ikikua, arbuni nayo iongezwe irudi nusu, na kabla hujaenda sokoni. Asiyekuwa nayo leo muulize Jumapili ataipata wapi.

3. Kupungua

Mnaogopa kuongezeka, lakini kupungua ndiko kunakokula kimya kimya. Mchele, mafuta, samli na bizari vinangoja oda nyengine, hivyo mteja akipunguza kwa wakati mrudishieni bila uchoyo. Nyama iliyochinjwa na mtindi uliofunguliwa havimngoji mtu. Kwangu mie, kupungua kunapokewa mpaka siku nne kabla, na kisu kikishapita, waliopungua wanalipiwa kama waliokuja. Nawaambia siku ya arbuni, nikiwa natabasamu, wakiwa bado wananipenda.

Kuna mama mmoja wa Mwanakwerekwe alinipunguzia watu 50 asubuhi ya shughuli, kisha wakaja wote hamsini. Sijui alikuwa ananijaribu au anajijaribu mwenyewe.

4. Sinia

Ulizeni watakaa wangapi kwa sinia. Watu 300 wakikaa watano watano ni masinia 60, wakikaa wanne wanne ni 75, na sinia la wanne hakuna anayekubali lionekane nusu, kwa hiyo wali na nyama vitapanda hata kama idadi haikuguswa.

5. Msemaji mmoja

Mimi nilizungumza na baba, shangazi na kaka, na kila mmoja alijua theluthi ya habari. Siku hizi anayetoa arbuni ndiye anayebadilisha. Shangazi akipiga nampokea, namuuliza hali, watoto, mguu, kisha namwambia "mwambie baba anipigie." Wengine hununa. Acha wanune, wali wao utakuwa moto.

Na kila mabadiliko yanarudi kwa maandishi, hata kama yamekuja kwa mdomo. Mie naandika hivi, na hamna haja ya Kiswahili cha mahakamani:

"Asalamu alaikum. Oda ya Jumapili imebadilika kutoka pilau 300 kuwa biriani ya mbuzi 220. Bei mpya 9,000 kwa mtu. Jumla mpya 1,980,000. Mmelipa 900,000. Arbuni ya kuongeza 90,000 kabla ya Jumatano. Nikipata jibu lako ndo naagiza mbuzi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Mteja akiona mbuzi hajaagizwa anajibu ndani ya saa moja, hata yule ambaye simu yake haipatikani wiki nzima.

Na weye wa maulidi ya Jumamosi, ambaye unasoma ukidhani nazungumza na wengine: umenambia oda yako ni ya watu 150, na jana nimekuona Darajani unapakia vitunguu vya watu 200. Ama mtu kakuongezea hukuniambia, ama kakuongezea na hukumwambia yeye bei. Weka kisu chini, umpigie sasa hivi.