Parameta tatu za mkunjo wa mavuno: ushauri kwa anayeanza dawati la hatifungani

Ukiingia kwenye dawati la hatifungani Nairobi, mojawapo ya kazi utakazopewa mapema ni kuchukua mavuno yaliyoonekana sokoni, nukta chache zilizotawanyika, na kupitisha katikati yake mstari laini. Njia inayotumika sana ni ya Nelson na Siegel ya mwaka 1987. Mlinganyo wenyewe ni huu, y ikiwa mavuno na t miaka iliyobaki hadi hatifungani iive:

```
y(t) = b0 + b1*g1(t) + b2*g2(t)
g1 = (1 - exp(-L*t)) / (L*t)
g2 = g1 - exp(-L*t)
```

Ukitazama g1 utaona inaanza karibu na 1 muda ukiwa mfupi, kisha inashuka kuelekea 0. Hivyo b0 ndiyo kiwango ambacho mkunjo unakiendea mbali sana, na b0 + b1 ndiyo mavuno ya muda mfupi kabisa. Nayo g2 huanzia 0, hupanda, halafu hurudi 0. Hiyo ndiyo inayotoa nundu ya katikati, na b2 ndiyo ukubwa wa nundu.

L, inayoamua nundu inakaa wapi, haimo kwenye zile tatu. Ukiiacha itafutwe pamoja nazo, tatizo si la mstari tena, na kompyuta hukwama mahali tofauti kulingana na ulipoanzia. Ukiishikilia, zinabaki safu tatu za kawaida, na njia ya miraba midogo kabisa inatoa jibu moja tu. Diebold na Li, katika kazi yao ya 2006, waliishikilia kwenye 0.0609 wakihesabu kwa miezi, yaani karibu 0.73 kwa mwaka. Kilele cha nundu kiko pale L*t inapofika takriban 1.79, kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: nundu ya soko hili iko miaka mingapi mbele? Ukisema miaka 3, L ni 0.6.

Tuchukue namba za mfano, zote zikiwa zimeshawekwa kwenye msingi mmoja wa riba:

```python
import numpy as np
t = np.array([0.25, 1, 2, 5, 10, 20])
y = np.array([8.5, 10.0, 11.1, 12.6, 13.3, 13.7])
L = 0.6
g1 = (1 - np.exp(-L*t)) / (L*t)
g2 = g1 - np.exp(-L*t)
X = np.column_stack([np.ones_like(t), g1, g2])
b, *_ = np.linalg.lstsq(X, y, rcond=None)
print(b, y - X @ b)
```

Utapata b0 = 13.97, b1 = -5.99 na b2 = 2.18. Mabaki, yaani mavuno yaliyoonekana ukitoa yale ya mkunjo, ni -0.06, 0.09, 0.00, -0.06, -0.03 na 0.05. Kwa nukta sita hayo ni mabaki mazuri. Lakini usiziamini parameta tatu kwa kiwango kimoja: kosa sanifu la b1 hapa ni takriban 0.10, la b2 ni karibu 0.38. Nundu mara nyingi ndiyo inayojulikana kwa shida, kwa sababu inabebwa na nukta mbili tatu za katikati. Kwa hiyo b2 ikihama kutoka 2.2 jana hadi 1.9 leo, usikimbie kumwambia mkuu wako kwamba soko limebadilika.

Angalia pia kwamba b0 si mavuno ya miaka 20. Kwenye miaka 20, g1 bado ni 0.083, na mkunjo unasoma 13.65. Upande wa pili, b0 + b1 ni 7.98. Ilinganishe na riba ya mikopo ya usiku mmoja kati ya mabenki; zikipishana sana, tafuta sababu kabla ya kusambaza chochote.

Makosa mengi hayatoki kwenye hesabu, yanatoka kwenye zile nukta. La kwanza ni msingi wa riba. Dhamana za muda mfupi za siku 91, 182 na 364 hutangazwa kwa riba ya kawaida, hatifungani kwa riba inayozaa mara mbili kwa mwaka. Dhamana ya siku 91 yenye 8.5, ukiigeuza iwe riba ya mwaka mzima inayozaa riba, ni 8.78. Hatifungani ya 13.3 inakuwa 13.74. Moja imepanda 0.28 na nyingine 0.44, kwa hiyo ukizichanganya bila kuzigeuza unapindisha mteremko, na mabaki hayatakuonyesha lolote.

La pili ni la Kenya hasa, na ndilo linalowanasa wengi. Kwenye orodha ya soko utakuta FXD, ambazo ni hatifungani za kawaida, na IFB, zile za miundombinu. Kwa miaka mingi riba ya IFB imekuwa haikatwi kodi, wakati ya FXD hukatwa: asilimia 10 kwa zilizotolewa kwa miaka 10 au zaidi, asilimia 15 kwa fupi zaidi. FXD ya 13.3 ikikatwa asilimia 10 inamwachia mwenye nayo kama 11.97, kwa hiyo IFB ya muda huohuo ikiuzwa kwa 12.3 hakuna cha ajabu. Isitoshe, IFB nyingi hurudisha mtaji kwa awamu, hivyo tarehe ya mwisho haielezi fedha inarudi lini.

Sasa weka hiyo 12.3 mahali pa 13.3 kwenye nukta ya miaka 10, uendeshe tena. b0 inashuka hadi 13.48. Ungetegemea baki la -1 kwenye miaka 10, lakini unaona -0.69 tu, kwa sababu nukta mbovu imeuvuta mkunjo upande wake. Wakati huohuo miaka 20, ambayo haina kosa lolote, inaonyesha baki la +0.46, na miaka 5 inaonyesha +0.16. Asiyejua ataikimbilia hatifungani ya miaka 20 akidhani bei yake ni rahisi. Dawa ni kuondoa nukta moja moja, kukadiria upya bila hiyo, kisha kutazama jumla ya miraba ya mabaki ya nukta zilizosalia. Hapa jumla hiyo inashuka kabisa ukiondoa nukta ya miaka 10, kuliko ukiondoa nyingine yoyote. Na IFB ipewe mkunjo wake.

Hatifungani iliyobakiza mwezi mmoja iache nje. Bei ikikosewa kwa shilingi 0.10 katika kila 100, mavuno yanayumba kwa takriban 1.2, na miraba midogo kabisa itaipa uzito sawa na ya miaka 10.

Ukitaka kujaribu L nyingine, pitia chache kati ya 0.2 na 1.2 na utazame jumla ya miraba ya mabaki. Usishuke chini sana. Kwa nukta zilezile sita, L ikiwa 0.6 uhusiano wa g1 na g2 ni karibu sifuri, ikiwa 0.05 unakuwa -0.99, maana safu mbili zinasema jambo moja. Dalili yake ni b0 na b1 kubwa mno zenye alama kinyume, zinazorukaruka siku hadi siku ilhali mstari kwenye grafu haujasogea. Ukishachagua, ishikilie kwa miezi, la sivyo b2 ya jana na ya leo hazilinganishiki.

Mwisho, mkunjo uliopatikana kwa mavuno ya hatifungani zenye kuponi ni mkunjo wa hayo mavuno, si wa riba za malipo ya mara moja. Unafaa kusomea mavuno ya miaka 7 ambako hakuna biashara. Haufai kupunguzia thamani kila kuponi. Kwa hilo utalazimika kulinganisha bei badala ya mavuno, na hapo hesabu si ya mstari tena hata L ikishikiliwa.