Bia yangu inanuka ndizi: hamira ya laga kwenye joto la Dar

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nipo Tabata. Nimepika bia lita 20 kwa hamira ya laga, pakiti moja, nikaacha ndoo chumbani. Siku mbili ilichemka kwa fujo, ikatulia. Sasa inanuka ndizi mbivu na inachoma koo kama gongo. Hamira ilikuwa imeisha muda? Na hivi laga na eli zinatofautiana nini, rangi?"

Marahaba. Hamira yako ilikuwa nzima kabisa, maana iliyokufa haichemki. Kilichoiharibu bia ni chumba chako.

Tuanze na rangi, maana hilo ni fupi. Weusi wa bia unatoka kwenye kimea kilichokaangwa sana, basi. Wajerumani wana laga nyeusi tii, na zipo eli za rangi ya dhahabu. Kinachozitenganisha ni hamira na joto inalofanyia kazi. Hamira ya eli ni jamaa wa karibu wa ile ya maandazi, na hupenda nyuzi 18 hadi 22. Ya laga ni chotara: mzazi mmoja ni hiyo ya eli, mwingine ni hamira ya porini inayostahimili baridi. Ndiyo maana inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 13, ambako mwenzake husinzia. Utasikia pia kwamba moja huchachuka juu na nyingine chini. Zamani watu walizitambua hivyo, lakini kwenye matangi ya leo hata hamira nyingi za eli hukusanywa chini, kwa hiyo usiitegemee alama hiyo.

Sasa ndoo yako. Chumba cha Tabata kipindi cha joto hufika nyuzi 30, na hamira ikila sukari hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo katikati ya ndoo huenda palikuwa na 33 au zaidi. Kwenye joto hilo hamira huzaliana kwa pupa na kumwaga esta, vitu vyenye harufu ya matunda. Mojawapo ndiyo hasa inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Ndiyo maana umepata harufu ya mbege bila kutia ndizi hata moja! Huko kuchoma koo ni alkoholi nzito, nazo huzaliwa na joto hilohilo. Kuhifadhi hakutaziondoa.

Eli huachiwa esta kidogo kwa makusudi. Ndiyo ladha yake. Laga inatakiwa iwe safi, usikie kimea na uchungu wa maua ya hopsi tu, kama Kilimanjaro au Safari unazozijua. Usafi huo hununuliwa kwa baridi na subira.

Ukitaka kurudia laga, tafuta friji nzima na kidhibiti joto cha nje, kihisio chake kikibandikwa ubavuni mwa ndoo, si kuning'inia hewani. Poza maji ya kimea hadi nyuzi 12 kabla ya kutia hamira, na tia pakiti mbili, kwa sababu kwenye baridi huzaliana polepole. Shikilia 12 kwa siku kama nane hadi kumi. Ukisikia harufu ya yai bovu usishtuke, huwa inaondoka. Povu likikaribia kuisha, pandisha hadi 17 kwa siku mbili tatu, hamira ipate nguvu ya kula diasetili, ile ladha ya siagi.

Hatua hiyo wengi huiruka, kisha wanalalamika. Ipime hivi: chota bia kidogo kwenye glasi, ifunike, iweke ndani ya maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 20, ipoze, kisha nusa. Ikinukia siagi au bisi, ongeza siku. Isiponukia, na haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, ikisoma namba ileile siku mbili mfululizo, shusha hadi nyuzi 1 au 2 kwa wiki nne. Jina lenyewe la laga linatokana na neno la Kijerumani la kuhifadhi. Umeme ukikatika saa chache usifungue friji; lita 20 hazipati joto upesi.

Huna friji? Basi pika eli. Ndoo iketi ndani ya beseni la maji, ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni, ukilenga 20. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda. Makosa mengi ya ladha huzaliwa hapo. Kama hata barafu ni shida, agiza hamira ya mashambani ya Norwe iitwayo kveik. Hiyo ni ya ukoo wa eli, na hustahimili nyuzi 35 bila kukuchoma koo. Kwa joto letu la Februari, mimi ningeanza na hiyo.

Bia uliyonayo usiipeleke kwa wageni.