Je, kanuni zilizima moto wa jangwani?

SWALI: Tuko vijana watano. Tunataka kuishi pamoja kwa sala na mfungo kama Antoni kule jangwani Misri, bila kanuni wala mkuu. Kanuni si zilikuja baadaye, moto wa mwanzo ulipopoa?

JIBU: Mpango wenu ulishajaribiwa karne ya 4, tena na mtu aliyeiva. Pakomi alifundwa kwa miaka na mkaapweke mzee, Palamoni, kabla ya kukusanya watu Tabenisi, kando ya Nili, mnamo mwaka 320 hivi. Kundi lake la kwanza halikuwa na kanuni ya kuwabana. Kila mmoja alijitegemea kwa kazi yake na kutoa mchango wa chakula. Pakomi akapika, akahudumia wageni, akabeba mizigo yote. Walipoona ananyenyekea wakamdharau, wakamgeuza mtumishi wao. Mwishowe aliwatimua wote akaanza upya.

Kanuni zilizaliwa hapo, na zinaonyesha alichojifunza. Anayebisha hodi anawekwa nje ya lango siku chache, anafundishwa Baba Yetu na zaburi. Anaulizwa kama amekimbia kosa alilotenda, kama yuko chini ya mamlaka ya mtu mwingine, na kama anaweza kuacha wazazi na mali. Asiyejua kusoma anafundishwa mara tatu kwa siku, atake asitake. Mali ni ya wote, na kila nyumba ndani ya ukuta ina msimamizi wake. Pakomi alipofariki mwaka 346 aliacha monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake. Moto uliopoa hauwashi nyumba kumi na moja.

Na huyo Antoni mnayemtaja? Alianza kwa kukaa karibu na mzee wa kijiji jirani, akiwaendea waliomtangulia mmoja mmoja ili ajifunze. Hata alipojifungia ngomeni kwa miaka kama 20, mikate aliletewa na watu mara mbili kwa mwaka. Wanaosimulia jangwa huruka sehemu hizi.

Ndiyo maana siwavumilii hawa “mababa wa jangwani” wa siku hizi wanaopeleka vijana mlimani, wanawafungisha siku 40, kisha wanawavisha kanzu. Nani aliwafunda wao? Benedikto, karne ya 6, aliwataja waziwazi watawa wanaoishi wawiliwawili au watatuwatatu bila mchungaji: wanachokipenda wanakiita kitakatifu, wasichokipenda wanasema hakifai. Ukaapweke aliuachia yule aliyekwisha kujaribiwa muda mrefu ndani ya monasteri. Kwa mgeni aliweka mwaka mzima wa majaribio: kanuni isomwe mbele yake baada ya miezi miwili, tena baada ya sita, tena baada ya minne, na kila mara awe huru kuondoka.

Wabenedikto wapo Peramiho na Ndanda. Nendeni mkabishe hodi huko kabla hamjakodi nyumba.