Onyo la pikapu: andika tendo, usiandike tabia

"Dereva wetu katumia pikapu ya kampuni Jumapili kubebea mchanga wake. Niandikeje onyo kali lisilosomeka kama vitisho?"

Ndugu, kabla ya onyo mpe siku 3 ajieleze kwa maandishi. Pengine msimamizi alimruhusu kwa simu, na barua yako ingekuwa dhuluma.

Maelezo yasiporidhisha, ondoa "umezoea wizi" na "utakiona". Andika kilichothibitika: "Jumapili tarehe 9 ulitumia pikapu kwa shughuli binafsi bila kibali, kilomita 46 hazimo kwenye kitabu cha safari." Taja kifungu cha kanuni alizosaini. Malizia na hatua iliyomo humo humo, kwa mfano: "Ukirudia ndani ya miezi 6, utaitwa kwenye kikao cha nidhamu." Usitaje kufukuzwa kama kanuni zenu hazisemi hivyo.